Wakiniuliza "kwa nini paneli nane?" nijibu nini

Shikamoo mama. Nina miaka 27, ni mhandisi wa maji, na tangu nimalize chuo nimekuwa nikifanya kazi kwa mkandarasi mmoja mkoani Tanga. Nimeitwa kwenye usaili kampuni nyingine. Barua yao inasema nichague mradi mmoja kutoka kwenye wasifu wangu, niueleze kwa dakika 20, kisha wataniuliza kwa nini tuliusanifu vile na leo ningebadilisha nini.

Nimechagua mradi ambao kwenye wasifu nimeuandika hivi: "Nilisanifu mradi wa maji wa kisima kirefu unaotumia nguvu ya jua, watu 1,200." Uko chini ya milima ya Usambara. Kisima kilipimwa kikaonekana kinatoa mita za ujazo 7 kwa saa. Tuliweka pampu ya kuzamisha, paneli nane za wati 300, na matenki matatu ya lita 10,000 juu ya mnara. Betri hatukuweka. Hesabu ya paneli nilipiga mimi, kwa wastani wa jua wa mwaka mzima, kama ilivyokuwa kawaida ofisini. Pampu aliichagua bosi wangu, na mnara ulisanifiwa na mhandisi wa majengo.

Mradi unafanya kazi. Lakini ikifika Juni na Julai, mawingu yakikaa, tenki linakauka mchana na akina mama wanapanga foleni mpaka jioni. Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema ningeongeza paneli, nitakuwa nimekiri kwamba nilikosea, tena nitamchafulia jina bosi aliyenifundisha kazi. Nikinyamaza, naona kama nadanganya. Rafiki yangu ananishauri nitaje kasoro ndogo isiyouma, kama uzio au rangi ya mnara. Na hilo neno "nilisanifu" nalo linaninyima usingizi. Niliache au nilitoe?

Mhandisi, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimefanya kazi ya visima muda mrefu, na katika usaili wa namna hiyo nimekaa mara nyingi upande wa wanaouliza. Kwa hiyo nitakujibu kama mmoja wa wale watakaokuwa mbele yako, na nitaanza na swali ambalo ningekuuliza kabla ya mengine yote: umejuaje kwamba tatizo ni paneli?

Sikuulizi kwa kukutega. Tenki kukauka mchana ni dalili tu, na inaweza kuletwa na mambo kadhaa yasiyohusiana. Huenda jua ni dogo kweli. Huenda maji kisimani yameshuka, pampu ikawa inavuta kutoka kina kirefu zaidi. Huenda bomba linavuja mahali. Huenda pia watu waliokuwa 1,200 wakati wa usanifu sasa ni 1,500, au kijiji cha jirani kimeanza kuja kuchota. Ukisema mbele ya wasaili kwamba ungeongeza paneli, na mmoja akakuuliza ulivyoziondoa hizo sababu nyingine, jibu lako ndilo litakalowaonyesha kama unaujua mradi au unaukumbuka tu.

Kuzitenganisha si kazi ngumu kama pana mita ya maji kwenye bomba linalotoka kisimani na mhudumu wa pampu anayeandika namba kila siku. Anza na jumla ya siku. Kama Februari pampu ilikuwa ikitoa zaidi ya mita za ujazo 30 kwa siku na Julai inatoa 25, basi maji yanayoingia tenkini ndiyo yaliyopungua. Kama Julai bado inatoa 30 na tenki linakauka, acha paneli, kawatafute watumiaji na mabomba. Kwa mabomba, vilula vyote vikifungwa usiku, kimo cha maji tenkini hakitakiwi kushuka mpaka asubuhi.

Ukishajua kwamba kinachoingia kimepungua, tafuta siku moja ya Julai ambayo anga limefunguka saa sita mchana, usome mita kwa saa moja. Kama mtiririko unakaribia ule wa mchana wa Februari, pampu ni nzima na kisima ni kizima. Kilichopungua ni saa za jua. Kama ni mdogo sana hata jua likiwaka, tazama vumbi juu ya paneli, kisha pampu, kisha kina cha maji. Mimi kisima chako nisingekishuku sana, kwa sababu Juni inakuja mara baada ya masika, wakati maji ya ardhini kwa kawaida hayajashuka. Upungufu ungekuwa wa Oktoba ningekuwa na shaka zaidi. Hoja kama hiyo, ya msimu, ni nzuri kuwa nayo mdomoni.

Sasa tuchukue kwamba ni jua kweli, tupige hesabu pamoja, maana swali la "kwa nini paneli nane" linajibiwa kwa hesabu kwanza, maneno baadaye.

Watu 1,200 kwa lita 25 kila mmoja, kiwango kilichomo kwenye Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, ni lita 30,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 30. Kimo sina kwenye barua yako, kwa hiyo nakisia: maji yako mita 42 chini ya ardhi pampu ikivuta, mdomo wa tenki uko mita 13 juu, na msuguano bombani ni kama mita 5. Jumla mita 60. Nishati E inayohitajika kuyapandisha maji hayo, Q, hadi kimo hicho, H, inapatikana hivi:

```
E (Wh) = 2.725 × Q (m³) × H (m)
E = 2.725 × 30 × 60 = 4,905 Wh
```

Hiyo ni nishati inayobaki kwenye maji yenyewe. Pampu na mota yake hupoteza sehemu. Tukichukua ufanisi wa nusu, utahitaji kama kilowati-saa 9.8 za umeme kwa siku. Paneli nazo hupoteza kwa joto, vumbi na nyaya, kwa hiyo hesabu asilimia 80 ya kilichoandikwa kwenye bamba lake. Paneli nane za wati 300 ni kilowati 2.4. Kwa wastani wa mwaka wa saa 5.5 za jua kamili kwa siku, zinatoa kilowati-saa 10.6, na hizo zinapandisha kama mita za ujazo 32. Ndiyo maana nane. Kwenye karatasi ulitosheka, tena kwa akiba kidogo.

Badilisha namba moja tu, weka saa 4.2 za jua mahali pa 5.5, kama inavyoweza kuwa mwezi wa mawingu chini ya milima. Paneli zilezile zinatoa kilowati-saa 8.1, na maji yanakuwa mita za ujazo 24.7. Kila mtu amepungukiwa na zaidi ya lita nne kwa siku, na wa mwisho kwenye foleni amekosa kabisa. Namba za eneo lenu, mwezi kwa mwezi, zinapatikana bure kwenye tovuti za takwimu za jua, PVGIS au NASA POWER. Zitoe, uziweke mahali pa hizi zangu kabla ya kwenda. Ukikuta mwezi wako mbaya ni 4.8, hesabu haikubali tena kwamba jua peke yake linaeleza foleni, na utarudi kwenye yale maswali ya mwanzo.

Hapa ndipo nataka utazame tena woga wako wa "kukiri". Unaona mlango mmoja tu: nilikosea, ningeongeza paneli. Lakini msaili mzoefu hataishia hapo. Atakuuliza ukiziongeza kitatokea nini. Ukiwa umejiandaa kujitetea tu, hapo utakwama, kwa sababu kuongeza paneli kwenye mradi wako kunagusa kitu kingine ambacho wewe mwenyewe umekitaja baruani bila kukiunganisha.

Tuziweke kumi. Kilowati 3, mwezi wa mawingu, zinapandisha kama mita za ujazo 30.9. Upungufu umekwisha. Sasa nenda Februari saa sita mchana, jua kali. Kwa paneli nane, pampu ilikuwa ikitoa karibu mita za ujazo 6 kwa saa. Kwa paneli kumi, kama pampu yenyewe ina nguvu ya kuzipokea, itataka kutoa 7.3. Kisima chako kilipimwa kwa 7. Umemaliza shida ya Julai ukaleta ya Februari: maji yanashuka kisimani kuliko yanavyorudi, pampu inaanza kuvuta hewa, na mota ya kuzamisha hupozwa na maji yanayopita pembeni yake, kwa hiyo ikikosa maji inaungua. Wengi wetu hatupendi hata kuufikia uwezo wote uliopimwa. Sita kwenye kisima cha saba tayari ni karibu.

Kwa hiyo badiliko la kweli lina sehemu mbili: paneli kumi, na kontrola, yaani kifaa kinachoiendesha pampu kwa umeme wa paneli, iwekewe kikomo cha mzunguko ili pampu isivuke mita za ujazo 6 kwa saa hata jua liwe kali namna gani, pamoja na kihisio cha maji kisimani cha kuizima ikikosa maji. Ukieleza hivi utakuwa umeeleza pia paneli za ziada zinafanya kazi wapi hasa. Mchana wa jua kali hazikuongezei kitu, kikomo kimezibana. Zinakuongezea asubuhi, jioni, na saa zote za mawingu, ambako paneli nane zilikuwa zinaizungusha pampu kwa kusuasua au zinashindwa kabisa kuianzisha. Na ndizo saa zinazopungua Julai.

Bado kuna swali la umeme. Nadhani paneli zenu mmeziunganisha mistari miwili ya nne nne. Paneli ya wati 300 huwa na kama volti 40 ikiwa haijabebeshwa mzigo, kwa hiyo mstari wa nne una 160 na wa tano una 200. Asubuhi ya baridi volti hupanda zaidi, na Usambara baridi ipo. Kontrola ina kikomo chake cha volti, kimeandikwa kwenye bamba. Kama kikomo ni 200, mstari wa tano tano utaichoma. Tafuta namba hiyo. Inawezekana kabisa kwamba ndiyo iliyomfanya bosi wako akubali nane bila kubisha, na wewe hukuambiwa.

Hilo linanifikisha kwa bosi. Unachukulia kwamba ukisema ungebadilisha kitu utamchafua. Mimi nakuuliza: una hakika unajua kwa nini alikubali? Mkandarasi huamua akiwa na kontrola aliyonayo stoo, fedha zilizobaki kwenye mkataba, na masharti ya mwenye mradi, iwe RUWASA au mfadhili. Kijana wa mahesabu mara nyingi anaona namba ya mwisho tu. Kama mnazungumza vizuri, mpigie simu umuulize. Hatari ipo, kwamba atajua unatafuta kazi kwingine, na hilo wewe ndiye unayejua uzito wake. Kama huwezi kumpigia, bado unaweza kuusimulia usanifu bila kumgusa mtu: "Tulisanifu kwa wastani wa mwaka. Leo ningesanifu kwa mwezi mbaya kuliko yote." Sentensi hiyo inataja msingi wa hesabu, haimtaji aliyeikubali. Jina la kijiji, bei, na karatasi za mkataba viache nyumbani. Hakuna swali la usanifu linalohitaji bei kamili. Ukisema fedha zilikuwa na kikomo inatosha.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, namwelewa. Anataka kukulinda. Uzio na rangi havina hatari yoyote, na ndiyo shida yao: havina kitu cha kuuliza baadaye. Wasaili wanaouliza "ungebadilisha nini" wanatafuta kuona kama unaweza kukishika kitu ulichokijenga na kukiangalia upya kwa taarifa ambazo hukuwa nazo. Ukiwapa rangi, wengine watacheka kwa adabu na kuendelea, wengine watarudi: "Na upande wa maji?" Hapo utakuwa unaanza kuzungumzia Julai kwa kulazimishwa. Lakini nisikufiche upande wa pili. Wapo wasaili ambao wakisikia neno upungufu wanaandika upungufu, basi. Siwezi kukuhakikishia hutakutana na mmoja wao. Ukitaka kujikinga naye, anza na namba kabla ya foleni: mradi unatoa mita za ujazo 32 kwa siku kwa wastani, unashuka hadi 25 mwezi wa mawingu wakati mahitaji ni 30, na hivi ndivyo ningeziba pengo la tano. Aliyesikia hivyo amesikia suluhisho na tatizo kwa pamoja.

Mlango mwingine uko wazi pia: unaweza kuchagua mradi tofauti, usio na foleni. Utakuwa salama zaidi na swali la Julai. Je, huo mwingine unaujua kwa kina hiki? Kama jibu ni hapana, utabadilishana swali gumu moja kwa mengi mepesi usiyo na majibu yake.

Sasa swali la "kwa nini". Nakuomba usilijibu kwa kusifia ulichochagua. Lijibu kwa kueleza ulichokikataa na kilichofanya ukikatae, kisha sema katika hali gani ungekichagua. Chukua betri, maana nina hakika wataziuliza. Ungetaka kuhifadhi umeme wa siku moja, kilowati-saa 9.8, kwenye betri za asidi ambazo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, ungehitaji kama kilowati-saa 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilowati-saa 2.4, kwa hiyo ni betri tisa, na baada ya miaka michache ni tisa nyingine. Chombo cha watumia maji kinachojiendesha kwa fedha za ndoo kinazipata wapi? Mita za ujazo 30 ndani ya tenki ni akiba ya siku nzima ambayo haichakai kwa kutumiwa. Gharama yake iko kwenye mnara, kwa sababu maji hayo ni tani 30 juu ya nguzo, lakini hiyo unailipa mara moja.

Kisha geuza upande. Kama kisima kingekuwa kinatoa mita za ujazo 1.5 tu kwa saa, ungehitaji saa 20 za kuvuta ili upate 30, na jua halikupi saa 20. Hapo tenki peke yake lisingeokoa kitu. Ungerudi kwenye betri, au jenereta ya kusaidia usiku, au kisima cha pili. Kwa maneno mengine, kilichoamua dhidi ya betri ni ile saba ya kwenye karatasi ya upimaji wa kisima. Mtu anayesema "betri ni ghali" amesema kweli, lakini hajaonyesha kwamba anajua ni namba ipi ingembadilisha mawazo. Mimi namba hiyo ndiyo ninayoisikiliza.

Wanaweza pia kukujaribu na tenki: "Kwa nini usiongeze matenki, badala ya kuhangaika na paneli?" Linasikika jema, na vijana wengi hulikubali. Lipigie hesabu. Kama kwa siku yanaingia 25 na yanatoka 30, unapungukiwa na 5 kila siku. Ongeza matenki mawili ya lita 10,000, uyajaze kabla ya Juni, umenunua siku nne. Baada ya hapo yote yanakauka pamoja. Tenki kubwa linatibu siku moja au mbili za mawingu katikati ya jua. Mwezi mzima wa mawingu haliwezi. Jenereta ya dizeli ya kukodi au ya kudumu, ikiunganishwa kwenye kontrola inayoikubali, inaweza kuubeba mwezi huo, na kwa kijiji chenye uhakika wa kununua mafuta wiki chache kwa mwaka si wazo baya. Hatari yake ni kwamba jenereta isiyowashwa miezi kumi mara nyingi haiwaki siku inapotakiwa.

Lipo na dogo la mwisho, la bei nafuu, ambalo msaili mkali anaweza kulitoa: paneli zimeinama kuelekea wapi? Kwenu, kusini ya ikweta, Juni jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli zilizoinama digrii 15 hivi kuelekea kaskazini hupata zaidi mwezi huo kuliko zilizolala. Usilitegemee sana, kwa sababu mawingu huutawanya mwanga ukaja kutoka kila upande, na faida ya kuinamisha ikapungua. Litaje kama jambo ungeliangalia kabla ya kununua paneli.

Neno "nilisanifu" nimeliacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu naamini hesabu hizi zimekusaidia kuona sehemu yako iko wapi. Ulikokotoa mahitaji na paneli. Hukuchagua pampu, hukusanifu mnara. Kama wasifu bado hujautuma, "Nilikokotoa mahitaji ya maji na ukubwa wa mfumo wa jua" ni kauli ndogo kuliko "nilisanifu", na ina faida kwamba kila swali litakalotoka humo una jibu lake. Hasara yake ni kwamba anayepitia wasifu mia moja haraka anaweza asisimame hapo. Kama umeshautuma, unaweza kuliacha, ukaligawa mwenyewe dakika ya kwanza ya maelezo: hiki nilifanya mimi, hiki tulikiamua kikaoni, hiki alifanya mhandisi wa majengo. Ukitangulia kusema, ni mgawanyo wa kazi. Wakikubana mpaka ukaseme baada ya swali la tatu kuhusu msingi wa mnara, itasikika kama jambo lingine. Lakini usinyenyekee kupita kiasi pia. Nimewaona vijana waliokokotoa mfumo mzima wakisema "nilisaidia saidia" kwa sababu ya adabu, na msaili hana njia ya kujua kwamba ile ni adabu. Sema "mimi" pale palipo na wewe.

Na vile ambavyo si vyako, ujue angalau vilikupa sharti gani. Huhitaji kujua kukokotoa nondo za mnara. Unahitaji kujua kwamba ulimpa mhandisi wa majengo uzito wa tani 30 za maji na kimo ulichokitaka, na kwamba kimo hicho kilitoka kwenye msukumo wa maji kwenye kilula cha mbali zaidi. Pampu hukuichagua, lakini bosi aliichagua kwa namba za kimo na mtiririko ulizompa wewe, au hakuichagua kwa hizo. Ni lipi kati ya hayo mawili? Kama hujui, ni swali la kwanza la kumpigia simu.

Kabla ya siku yenyewe, fanya bidii moja: mtafute mhudumu wa pampu, mwombe akupigie picha kurasa za daftari la mita za Februari na za Julai. Zikija, zipige wastani, uziweke mahali pa 32 yangu na 25 yangu, na nusu ya maelezo yako itakuwa imejiandika. Zisipokuja, au ukikuta daftari halijazwi, usibuni. Waambie wasaili kwamba upungufu wa Julai umesimuliwa na watumiaji, kwamba hesabu yako inaueleza ikiwa jua linashuka hadi kiasi ulichokiona kwenye PVGIS, na kwamba hujaweza kuuthibitisha kwa mita. Kisha ongeza jambo la tatu kwenye orodha ya ambayo ungebadilisha: mita ya maji kichwani mwa kisima, na mtu mwenye jukumu la kuiandika tangu siku ya kukabidhi mradi.